Stendi Mbele ya Mdomo wa Bibi Harusi

Jumatatu saa mbili asubuhi simu iliita nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa mama wa bibi harusi wa Jumamosi. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza habari za nyumbani, akashukuru kwa kazi, halafu akanyamaza kidogo. Mpiga picha wa harusi anaujua ukimya huo.

"Baba, picha zote nzuri, Mungu akubariki. Ila ile ya kiapo. Mwanangu anaonekana kama anakula maiki."

Niliijua picha anayoisema kabla hajaimaliza sentensi. Ni ile waliyotaka ikuzwe sentimeta 60 kwa 40 itundikwe sebuleni. Bibi harusi ameinua macho kumtazama mwenzake, shela limetulia begani, mwanga wa dirisha unamwangukia shavuni, wasimamizi wawili nyuma yao wametulia kama walioambiwa. Na mbele ya vyote hivyo, stendi ya maiki. Kichwa cha maiki kimeufunika mdomo wote na nusu ya kidevu. Bomba lake jeusi linashuka mbele ya shingo, linapita juu ya lesi ya gauni, linakata mkono wa suti ya bwana harusi, linapotelea nyuma ya chombo cha maua.

Mniulize basi kwa nini sikuisogeza. Fundi mitambo aliiweka pale padri akiwa ameshaanza kuwaita mbele, na kanisani huwezi kukatiza kati ya padri na maharusi kwenda kuhamisha chuma. Kama hukuwahi kuongea na fundi mitambo asubuhi, kabla watu hawajaingia, umechelewa. Siku ile nilichelewa.

Kuifuta stendi yenyewe kwenye kompyuta hakuchukui hata dakika tano. Kazi inaanza baada ya hapo, maana ukishaifuta unabaki na shimo usoni, na shimo hilo linatakiwa lijazwe na mdomo wa mtu huyohuyo, na mdomo huo haumo kwenye picha hiyo. Pazia lililofichwa unaweza kulikisia, kwa sababu pazia la kulia na la kushoto vinafanana. Mdomo huukisii. Mama yake ameutazama miaka ishirini na sita. Kwa hiyo kabla sijagusa brashi yoyote, nilirudi kwenye kadi ya kamera kutafuta ule mdomo uliko.

Kwenye kiapo huwa napiga kwa mfululizo, fremu tano kwa sekunde, vipande vifupi vifupi. Pale nilikuwa na fremu kumi na moja. Picha anayoipenda mama ilikuwa ya nne. Tano za mwanzo zote zina maiki mdomoni. Kuanzia ya saba, maiki imehamia pembeni ya shavu, kwa sababu katikati ya mfululizo nilipiga hatua moja kwenda kulia. Nilipiga hatua ile kwa mazoea tu, lakini hesabu yake inafaa kuijua, maana ndiyo inayoamua kama picha itaokoka au la.

Nilikuwa mita nne kutoka kwa bibi harusi. Stendi ilikuwa mbele yake kwa sentimeta arobaini hivi, yaani mita 3.6 kutoka kwangu. Nikisogea sentimeta 60 pembeni, stendi inahama usoni kwake kwa 60 mara 0.4 gawanya kwa 3.6. Hiyo ni chini kidogo ya sentimeta 7. Kichwa cha maiki ya kawaida kina upana wa sentimeta 5 hivi. Hatua moja ilitosha, lakini kwa tabu. Ningepiga nusu hatua, pembe ya mdomo ingebaki imezibwa.

Sasa chukua simu iliyoinuliwa na mgeni aliye mita moja mbele yangu, uso ninaoutaka ukiwa uleule wa mita nne. Hesabu ni ileile, ila sasa ni mita 3 gawanya kwa mita 1. Nikisogea sentimeta 20 tu, simu inahama sentimeta 60 kule kwenye uso. Ndiyo maana simu inayokukera zaidi, ile iliyoko puani kwako, ndiyo rahisi kuikwepa: inua kamera juu ya kichwa au kunja magoti kidogo, imeondoka. Kinachotesa ni kitu kilicho karibu na uso wa mtu. Stendi ya maiki karibu siku zote iko karibu na uso wa mtu, kwani imewekwa pale kwa ajili ya mdomo.

Na lenzi nayo ina neno lake. Nilikuwa na lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa f/1.8, na tundu lake kwa hapo lina kipenyo cha milimita 47 hivi. Kitu chembamba kuliko tundu hilo, kikiwa karibu na kamera, hakizibi kabisa. Mwanga wa uso unakizunguka na kukifikia kioo kwa pembeni. Fimbo ya selfi ya mtu aliyesimama mbele yangu inageuka ukungu wa kijivu, na uso upo ndani ya huo ukungu, umefifia tu. Huo haufutwi. Unauchagua, unafungua Levels kwenye Photoshop, unavuta weusi mpaka uso urudi. Simu yenyewe ina upana wa sentimeta saba hivi, kwa hiyo kingo zake zinakuwa ukungu lakini katikati panabaki peusi tii. Na stendi iliyo sentimeta arobaini kutoka usoni haina huruma hiyo hata kidogo, kwa sababu pale ilipo, mwanga unaotoka kwenye mdomo kuja kwangu bado ni mwembamba kuliko bomba. Kilichofichwa kimefichwa.

Nikarudi kwa bibi harusi. Fremu ya nne chini, ya saba juu yake kama leya. Photoshop ina amri ya kupanga leya zenyewe, `Edit > Auto-Align Layers`, na kwa picha za ukumbini naitumia sana, lakini kwa uso inakudanganya. Inapanga kwa kufuata kile kilicho kingi kwenye picha, yaani altare na mapazia, na mimi nilikuwa nimepiga hatua, kwa hiyo altare ikikaa sawa, uso unakaa pembeni. Nilikata kichwa peke yake kutoka fremu ya saba, nikakiweka juu, nikabadilisha leya iwe `Difference`, nikabonyeza `Ctrl+T`. Kwenye hali hiyo vitu vinavyolingana vinakuwa vyeusi. Unasogeza na kuzungusha taratibu mpaka kona nne za macho zizame gizani. Macho yakilingana, mdomo nao umefika mahali pake.

Kisha maski nyeusi juu ya leya, na brashi nyeupe laini kupaka pale tu palipokuwa na maiki. Mdomo ukatokea. Nikaangalia kwa karibu, hakuna mshono. Nikamtumia mama kwa WhatsApp nikiwa nimejiridhisha.

Jibu lilikuja baada ya dakika kumi. "Ni yeye, lakini hapa anapiga mluzi?"

Alikuwa sahihi. Fremu ya saba ilimnasa katikati ya neno, midomo imejikusanya kutamka "upendo" au "uaminifu", sijui lipi. Macho ya fremu ya nne yalikuwa ya mtu aliyetulia akimsikiliza mwenzake. Ukiweka mdomo wa neno chini ya macho ya ukimya unapata mtu ambaye hajawahi kuwepo. Tena uso hauchezi kwa mdomo peke yake. Mtu akitabasamu, shavu linapanda na kope la chini linajikunja. Ukichukua tabasamu bila shavu na kope, anayemjua mhusika atasema "sivyo anavyocheka" hata kama hawezi kukuonyesha kosa lilipo. Huwa nasahau hili kila baada ya miezi mitatu, halafu mama wa mtu ananikumbusha.

Raundi ya pili nikaacha kuhamisha mdomo. Nilichukua uso mzima wa fremu ya nane, kutoka ukingo wa shela kwenye paji mpaka chini ya taya, macho na vyote. Pale alikuwa ameshamaliza kutamka, midomo imefungwa kwa utulivu, macho bado yako kwa mwenzake. Mshono niliupitisha mahali ambapo picha yenyewe ina mstari: ukingo wa shela kwa juu, kivuli cha taya kwa chini. Mshono ukipita katikati ya shavu laini, jicho linauona. Ukijificha kwenye mstari uliokuwepo tayari, hauonekani. Hatua ile moja ilikuwa imebadilisha pembe ninayomwona kwa nyuzi nane na nusu hivi, kwa hiyo pua ilikuwa imesogea kidogo kuelekea shavu, ila kwa kuwa uso wote ulihama pamoja, hakuna kilichogongana. Herini tu ilikuwa mbili, moja ya fremu ya nne na nyingine ya nane, zimepandana kama pete. Nikaipaka moja nyeusi kwenye maski ikaondoka.

Kushuka kwa bomba kwenye gauni kulinila muda mwingi kuliko uso, jambo ambalo wateja hawaamini. Pale linapopita kwenye pazia nilitumia `Edit > Content-Aware Fill`, lakini si kwa kubonyeza na kuondoka. Dirisha lake linakuonyesha kwa kijani eneo ambalo programu itachota vipande vya kujazia, na kwa kawaida eneo hilo linawameza hata wasimamizi. Nilishawahi kuletewa kazi ya mwenzangu yenye sikio limeota katikati ya pazia. Unachukua brashi ya kupunguza, unafuta kijani chote kwenye nyuso na mikono, unaacha pazia tu.

Kwenye lesi hakuna njia ya mkato. Lesi ina maua yanayojirudia, na jicho linahesabu bila kuambiwa. Nilitafuta ua zima upande wa pili wa kifua, nikalinakili, nikaligeuza lifuate mkunjo wa kitambaa, kisha nikaunganisha nyuzi kwa `Clone Stamp` yenye ukingo mgumu kiasi. Mkono wa suti nao una ukingo mkali, nyeusi ikikutana na nyeupe ya gauni, na hapo `Healing Brush` ni adui. Inachanganya rangi na kile kinachoizunguka, kwa hiyo ukiikaribisha kwenye ukingo kama ule inavuta weusi wa suti kwenye gauni, unapata doa kama la masizi. Pembeni ya ukingo unachagua eneo kwanza, unabaki ndani ya mstari, unatumia kuklonu kwa kawaida.

Halafu kivuli. Dirisha lilikuwa kulia, na stendi ilikuwa imeacha mstari wa kivuli shingoni na kifuani, mwembamba, wa samawati kidogo. Stendi ilishaondoka na kivuli chake kikabaki kama mkanda wa mkufu. Hiki ndicho kinachomfichua fundi mvivu: kitu kimeondolewa, kivuli kimeachwa, au mng'ao wake kwenye sakafu ya vigae. Kivuli cha namna hii sikifuti kwa kuklonu, maana ngozi iliyo chini yake ipo nzima. Ninaiinua kwa Curves mpaka ilingane na ya jirani, naongeza wekundu kidogo, basi.

Mwisho ni chembechembe. Picha ilipigwa ISO 3200, na kwa ISO hiyo kila kitu kina mchanga mchanga ukikitazama kwa karibu. Uso nilioupinda kidogo kwa `Warp` ulikuwa umelainika, mchanga umepotea, ukawa kama umepakwa mafuta kuliko shingo. Niliurudishia kwa `Filter > Noise > Add Noise`, kidogo, nikiwa nimeweka alama kwenye `Monochromatic` ili usilete vidoti vya rangi. Hili unaliona kwenye ukubwa wa asilimia 100 tu. Ukiitazama picha nzima kwenye kioo cha simu, kila kitu ni kizuri.

Safari hii mama alituma emoji za mikono iliyofumbatwa, sita. Kisha akaandika, "Sasa ile ya kutoka kanisani, baba. Zile simu."

Ile ya kutoka ilikuwa na simu nilizozihesabu kumi na saba. Maharusi wanakuja kwangu katikati ya mabenchi, mimi narudi nyumanyuma, ndugu pande zote wameinua mikono. Nyuso za maharusi zilikuwa salama. Mama alikuwa anamtafuta bibi mzaa mama, benchi la pili, na baba mdogo, benchi la tatu.

Bibi alipatikana fremu nne nyuma. Jirani yake alikuwa bado hajainua simu, na bibi alikuwa tayari anatazama upande wa wajukuu zake. Hilo la macho naliangalia kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu nikimchukua akiwa anatazama mlango, kwenye picha ataonekana kama anawasusia. Kwa kuwa nilikuwa narudi nyuma, fremu ya awali ilikuwa imempiga kwa karibu zaidi, hivyo uso wake ulitakiwa kupunguzwa mpaka asilimia 88. Kupunguza ni bahati, kwa kuwa kinachopunguzwa kinakuwa kikali zaidi. Kilikuwa kikali mno hata: bibi alionekana wazi kuliko watu wote wa benchi lake, nikampa `Gaussian Blur` ya pikseli 0.6 akakaa na wenzake.

Ingekuwa kinyume, nimkuze, ingeshindikana haraka. Mama alikuwa ameshanitumia wazo la kumtoa baba mdogo kwenye video. Video ya harusi ile ilikuwa ya 1920 kwa 1080, yaani pikseli milioni mbili hivi kwa fremu nzima, wakati kamera yangu inatoa milioni ishirini na nne. Uso wa baba mdogo kwenye video ulikuwa na urefu wa pikseli 90. Mimi nilihitaji 300. Tena video ilipigwa kwa spidi ya 1/50, kwa hiyo kila anayesogea ana mkia. Ukimkuza mara tatu na zaidi unapata sura ya mtu aliyetazamwa kupitia chandarua.

Na kwenye fremu zangu zote kumi na nne baba mdogo hayumo. Yaani yumo, suti ya kaki, lakini nusu ya uso wake wa kushoto iko nyuma ya simu yake mwenyewe. Alirekodi mwanzo mwisho, mkono haukushuka hata mara moja. Nikajaribu ujanja ambao kila mhariri amewahi kuujaribu usiku wa manane: nikanakili nusu ya kulia, nikaigeuza, nikaibandika kushoto. Baba mdogo ana doa jeusi kwenye shavu la kulia. Sasa akawa na mawili, yaliyopangana kama vifungo vya koti, na uso umelingana pande zote kama wa sanamu. Nikafuta doa moja. Bado hakuwa yeye, na tena mwanga wa dirisha ulikuwa unatoka pande mbili usoni mwake. Nikajaribu uso wake wa jioni ukumbini, na kule taa zilikuwa za zambarau na kivuli cha pua kilianguka upande mwingine. Saa nzima imeenda.

Nikampigia mama, nikamweleza kuwa uso wa shemeji yake sina. Ninachoweza ni kupunguza mng'ao wa kioo cha simu yake, kwa sababu jicho hukimbilia mahali peupe, na simu ikishakuwa nyeusi haimvuti mtu. Akacheka. "Mwache hivyo hivyo. Ndivyo alivyo."

Kwa wanaopiga semina na mikutano, mnayo njia ambayo sisi wa harusi hatuna. Ukumbi ukiwa na mtoa mada aliyesimama mbele ya jukwaa na watu wanaoinua simu kupiga slaidi, weka kamera kwenye miguu mitatu, usiiguse, piga fremu saba au tisa kwa muda wa dakika mbili. Simu zinapanda na kushuka mahali tofauti tofauti. Jukwaa na ukuta havitembei. Kisha kompyuta, kwa programu ya ImageMagick, inachukua thamani ya katikati ya kila pikseli:

```
magick f1.tif f2.tif f3.tif f4.tif f5.tif f6.tif f7.tif -evaluate-sequence median safi.tif
```

Sharti ni kwamba kila mahali pawe wazi kwenye zaidi ya nusu ya fremu, yaani angalau nne kati ya saba. Simu iliyokaa mahali pamoja kwenye fremu nne itabaki. Na mtoa mada, kwa kuwa anatikisa kichwa, atatoka kama mzimu. Kwa hiyo hiyo picha safi iwe ni ya kujazia jukwaa na mabango tu. Mtoa mada mwenyewe mrudishe kutoka fremu moja uliyoichagua. Ila kama picha inakwenda gazetini, iache na simu zake. Shirika la habari la AP, kwa mfano, halikubali kitu chochote kiongezwe wala kuondolewa kwenye picha, na wahariri wa magazeti wanaojiheshimu hawatakuuliza mara mbili. Ripoti ya semina ya ofisi au albamu ya harusi ni mambo mengine.

Picha ya kiapo ilichapishwa, ikatiwa fremu ya mbao, ikatundikwa sebuleni juu ya kochi. Nilialikwa chakula mwezi uliofuata. Nikiwa nimeshika sahani ya pilau niliinua macho nikaona, chini kabisa kwenye zulia jekundu la kanisa, waya mweusi. Unatoka kushoto, unapita mbele ya chombo cha maua, unakatika ghafla pale stendi ilipokuwa imesimama. Sentimeta nne hivi za waya, unaoelekea kwenye kitu ambacho hakipo.

Baba mdogo alikuwa amekaa pembeni yangu, akaniona natazama. "Huo waya ni wa nini?" akauliza.

"Wa taa," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali, akatoa simu, akaipiga picha ile picha.